Mistari Miwili ya Ukurasa wa Pili

Karatasi niliyorudishiwa ilikatika katikati ya sentensi.

Ilikuwa nakala ya muhtasari wa pendekezo langu la utafiti, ule wa ukurasa mmoja, niliouambatisha mwaka jana na ombi la ufadhili wa shahada ya uzamili. Ombi lilikataliwa. Niliandika barua kuomba nielezwe sababu, na afisa mmoja wa mfuko ule alikuwa na uungwana wa kunitumia picha ya nakala ileile iliyosomwa na jopo, pamoja na maneno ya msomaji yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni. Niliifungua picha hiyo kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, tumesimama kwenye msongamano wa Daraja la Nyali. Mstari wa mwisho wa karatasi, nikiufasiri kutoka Kiingereza, ulisomeka hivi: «Ili kutenganisha athari ya bahari na athari ya utekaji wa maji, visima vitapangwa kwa». Hapo ukurasa ukaisha.

Pembeni, msomaji alikuwa ameandika: «Mwombaji haelezi atakavyozitenganisha sababu hizi mbili.»

Nilikuwa nimeeleza, katika mistari miwili iliyofuata.

Jambo hilo limenikaa moyoni kwa wiki nyingi sasa, na sababu iliyonifanya nilione zito imebadilika zaidi ya mara moja. Mwanzoni nilidhani ni suala la karatasi.

Karatasi mbili zisizolingana

Masharti yalisema ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa 12, pambizo la sentimita 2.5 kila upande, na kwamba chochote kitakachovuka ukurasa wa kwanza hakitasomwa. Mimi niliandika kwenye A4, kama tunavyofanya sote hapa, nikaujaza ukurasa mpaka mstari wa mwisho kabisa, kisha nikatuma faili la kuharirika badala ya PDF kwa sababu fomu ilikubali yote mawili. Kwa upande wa pili faili lile lilifunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa karatasi aina ya Letter. A4 ina urefu wa milimita 297. Letter ina milimita 279. Hiyo ni tofauti ya milimita 18, na kwa herufi za ukubwa wa 12 zisizoachwa nafasi ya ziada kati ya mistari, milimita 18 hubeba mistari mitatu na kitu. Letter ni pana kidogo kuliko A4, kwa hiyo maneno machache yalipanda juu na kuokoa takriban mstari mmoja. Miwili ikaangukia ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili haukuchapishwa.

Nililithibitisha hilo kwenye saiba moja ya Kisauni. Nilifungua faili la mwaka jana, nikabadilisha ukubwa wa karatasi, na neno la mwisho la ukurasa wa kwanza likawa lilelile lililokuwa kwenye picha. Nilikaa pale muda mrefu nikiitazama skrini. Nilihisi nimedhulumiwa, na nikawa na uhakika kwamba kama ningetuma PDF, ambayo hushika karatasi na herufi jinsi mwandishi alivyoziacha, mambo yangekwenda vingine.

Uhakika huo ulidumu siku nne au tano.

Kwa nini ilikuwa mwisho?

Swali lilinijia usiku, na tangu hapo halikuniacha. Ikiwa maelezo yale ya kutenganisha sababu mbili ndiyo yaliyokuwa kiini cha utafiti, kwa nini niliyaweka katika mistari miwili ya mwisho, mahali ambapo hata msomaji aliyeipata karatasi nzima angeyafikia amechoka, akiwa na rundo la karatasi nyingine mbele yake?

Nilichukua rula na kalamu ya rangi nikahesabu. Ukurasa wa A4 wenye pambizo hilo hubeba karibu mistari 50, na kama kuna kichwa na nafasi kati ya aya hubaki mahali pa maneno 500 hivi. Katika mistari 47 niliyokuwa nayo, 26 ilikuwa utangulizi. Nilieleza kwamba Mombasa ni kisiwa, kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka mbali na mji, Mzima na Baricho, kwamba wakazi wanaongezeka na mifereji hukauka kwa siku nyingi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo msomaji alilihitaji ili aamue kama utafiti wangu unafaa. Malengo matano yalichukua mistari tisa. Njia ya utafiti ilibakiwa na 12, na ndani ya hiyo 12, hoja iliyobeba kila kitu ilipewa miwili ya mkiani.

Karatasi ya Letter ilikata pale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapabana.

Nasema hili bila kujilaumu kupita kiasi, kwa sababu najua lilivyotokea. Nilianza na pendekezo la kurasa 14 na nikawa ninalipunguza: kila aya ikawa sentensi, kila sura ikabaki na sehemu yake. Mpangilio wa pendekezo refu ulihamia kwenye ukurasa mmoja kama ulivyo, utangulizi mbele na njia nyuma, na uwiano wake ukahamia nao. Pendekezo refu lina haki ya kuchukua kurasa saba kumfikisha msomaji kwenye swali. Ukurasa mmoja hauna haki hiyo.

Kisima cha mama mkubwa

Mama mkubwa anaishi Kisauni, umbali wa kutembea dakika chache kutoka ufukweni, na kisima kilichochimbwa kwa mkono uani kwake kina umri mkubwa kuliko wangu. Nilikwenda kwake Ijumaa moja baada ya swala nikiwa na ile karatasi ya mwaka jana. Sikwenda kutafuta ushauri wa kitaalamu. Nilitaka kumsomea mtu kwa sauti niyasikie maneno yangu, na yeye alikubali kusikiliza huku akichambua mchicha.

Nilimfasiria kwa Kiswahili, kwani waraka wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye malengo matano, ambayo yalikuwa kupima chumvi, vijidudu, naitreti, kina cha maji na maoni ya wakazi katika maeneo yote ya kaunti, aliweka mkono juu ya ungo.

«Mwanangu, wewe wataka kujua nini hasa?»

Nikamwambia nataka kujua kwa nini visima vinaingia chumvi.

«Hiki changu hakiingii chumvi siku zote. Maji ya bamvua hukikoroga, maji mafu yakaja kikatulia. Lakini kile cha jirani, tangu walete pampu wakawa wajaza mitungi ya mikokoteni, hakitulii tena, iwe bamvua iwe maji mafu. Sasa, ni bahari ama ni pampu?»

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida; maji mafu ni siku ambazo hujaa na kupwa kidogo. Nilikuwa nimeyasikia maneno kama hayo ya mama mkubwa tangu utotoni na sikuwahi kuyaandika popote, kwa kuwa yalionekana kuwa mazungumzo ya uani. Siku hiyo niliyaandika nyuma ya karatasi kabla hajamaliza kusema. Ndani ya sentensi zake mlikuwa na sababu mbili zinazoshindana, na mlikuwa na njia ya kuzipambanua, kwa kuwa kila moja ina tabia yake.

Swali ambalo jibu lake laweza kuwa hapana

Nguvu ya bamvua hupungua kadiri inavyosafiri chini ya ardhi kutoka ufukweni. Kama bahari ndiyo inayotingisha chumvi ya visima, basi tofauti kati ya siku za bamvua na siku za maji mafu itakuwa kubwa kwenye visima vya karibu na pwani, na itafifia kadiri unavyokwenda bara, hata kama visima hivyo hutekwa sawasawa. Kama utekaji ndio sababu, tofauti hiyo haitafuata umbali; chumvi itafuata idadi ya mitungi inayotoka kila siku, na kisima chenye pampu kilicho mbali chaweza kuwa na chumvi kuliko kisima cha ndoo na kamba kilicho karibu.

Aya hiyo ndiyo muhtasari wa ombi jipya la mwaka huu. Ilinichukua wiki mbili kukubali hivyo.

Nilichosita ni kuachana na yale malengo mengine manne. Niliogopa jopo lingeona utafiti mdogo. Lakini nilipojiuliza kila lengo lingeweza kupata jibu gani, niliona kwamba «kuchunguza ubora wa maji» haliwezi kushindwa: ukipima chochote, umechunguza. Swali la bahari au pampu laweza kurudi na jibu nisilolitarajia, na msomaji analiona hilo mara moja, kwa sababu nimemwambia mapema ni matokeo gani yatakayonionyesha kuwa nimekosea. Kwa hiyo swali lilikwenda juu, mstari wa tatu, na utabiri wa pande zote mbili ukalifuata hapohapo. Ile hoja iliyokatwa mwaka jana sasa ilichukua mistari saba ya nusu ya juu ya ukurasa.

Utangulizi ulibaki sentensi tatu, na moja kati ya hizo ilinisumbua kuliko waraka wote. Jopo lina watu wa fani mbalimbali, na mtu asiyejua maji ya ardhini hawezi kuelewa kwa nini pampu ilete chumvi bila kuelezwa kwamba maji matamu ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi. Mwaka jana niliweka jina la kanuni na mlinganyo wake. Mwaka huu nilijaribu kuifuta kabisa, nikaona hoja inaning'inia hewani, nikairudisha kwa maneno: maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji matamu, na kwa sababu hiyo kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo; pampu ikishusha ile ya juu, mpaka wa chumvi hupanda kutoka chini. Mistari mitatu. Rafiki yangu mwalimu wa historia aliisoma mara moja akanieleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi pampu inavyoleta chumvi, na hapo nikajua sentensi imefanya kazi yake.

Siku tatu za bamvua

Nafasi iliyookolewa kwenye utangulizi ilikwenda yote kwenye njia, na kuiandika kwa ukamilifu kulinifichulia kasoro ambayo kurasa 14 zilikuwa zimeificha.

Nilikuwa nimeandika: «Visima 12 vitapimwa kila Jumamosi saa tatu asubuhi.» Ilisikika vizuri, ina utaratibu. Lakini bamvua na maji mafu hupishana kwa siku saba na kitu, na saa za kujaa na kupwa hufuata mwezi. Hapa Mombasa, siku za bamvua, saa tatu asubuhi maji huwa yanakupwa. Siku za maji mafu, saa ileile huwa yanajaa. Kwa wiki kadhaa mfululizo ningekuwa nikilinganisha bamvua la kupwa na maji mafu ya kujaa, na tofauti yoyote ambayo ningeiona nisingeweza kusema imetokana na lipi. Mvuvi yeyote wa hapa angeliona kosa hilo kabla ya kumaliza kusoma. Mimi sikuliona mpaka sentensi ile iliposimama peke yake kwenye ukurasa mweupe.

Mpango mpya ni huu. Visima 12 katika mistari mitatu inayotoka ufukweni kwenda bara, kila mstari ukiwa na visima vinne, kwenye umbali wa takriban mita 100, 300, 600 na 1,000. Katika kila mstari, viwili ni vya kutekwa kwa ndoo na viwili vina pampu, na mpangilio hubadilishwa kutoka mstari mmoja hadi mwingine ili pampu zote zisiwe upande mmoja. Kila mwezi vitapimwa wakati wa bamvua moja na wakati wa maji mafu mamoja, na katika kila zamu mara mbili, maji yakijaa na yakikupwa. Hiyo ni vipimo vinne kwa kila kisima kwa mwezi, yaani vipimo 48 kwa visima vyote, na 384 kwa miezi minane, kuanzia Januari hadi Agosti, ili kiangazi na masika viwemo vyote.

Nilijua msomaji makini atauliza mara moja: mtu mmoja atavifikiaje visima 12 maji yakiwa yamejaa? Hawezi. Ndiyo maana niliongeza maneno machache tu: «mstari mmoja kwa siku, kwa siku tatu za kila zamu». Inakuwa siku sita za kazi kwa mwezi. Naamini maneno hayo machache yana uzito kuliko sentensi yoyote ya kujieleza kwamba nina bidii, kwa sababu yanaonyesha kuwa nimeshatembea njia hiyo kichwani na nimehesabu hatua.

Kulikuwa na jambo jingine la kuamua. Mawimbi ya kujaa na kupwa huchelewa kufika bara, kwa hiyo kisima cha mita 600 hakifiki kilele chake saa ambayo bahari imefika. Nikiyapuuza hayo, nitapima visima vya mbali mapema mno na kudhani vimetulia, na jibu langu litaelemea upande wa bahari bila haki. Niliweka sentensi moja: kabla ya vipimo vya mwezi wa kwanza, kisima kimoja cha kila umbali kitapimwa kila saa kwa saa 25, ili kujua kinachelewa kwa kiasi gani. Ni saa 25 kwa kuwa kujaa mara mbili na kupwa mara mbili huchukua saa 24 na dakika 50 hivi.

Maji yenye chumvi zaidi hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo kuhusu kifaa niliandika kwa ufupi sana: kipimo cha mkono cha upitishaji umeme, kitakachosawazishwa kila asubuhi kwa mmumunyo wa maikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Nilifuta aina, bei na jina la kiwanda. Namba ya mmumunyo niliiacha, kwa sababu anayeijua kazi ataitambua na asiyeijua hatapotea kwa ajili yake.

Sentensi niliyoifuta ya mwisho

Kuna kitu kimoja nilichokifuta ambacho bado kinaniuma. Visima vingi vya Kisauni viko karibu na vyoo vya shimo, na kwa familia inayokunywa maji hayo, uchafu huo ni hatari kuliko chumvi. Chumvi unaionja ukatema, lakini vijidudu huvioni wala huvionji. Nilikuwa na sentensi iliyosema sampuli zitapimwa vijidudu pia, na niliirudisha na kuifuta mara tatu kwa usiku mmoja.

Niliifuta kwa sababu vipimo hivyo vina mahitaji yake. Sampuli ya vijidudu hutiwa kwenye chupa iliyotakaswa, hubebwa kwenye barafu na hufikishwa maabara ndani ya saa chache, na mtu anayekimbizana na maji kujaa kwenye visima vinne hawezi kuyatimiza yote mawili kwa uaminifu. Kuiweka sentensi ile kungekuwa kuahidi nisichoweza kukitenda, na msomaji anayejua angeanza kuishuku hata ile sehemu ninayoiweza. Nilimwambia mama mkubwa hivyo. Hakufurahi. Alisema watoto wa nyumba ya nyuma waliugua tumbo mwaka mzima na hakuna aliyekuja kuwapimia maji. Nilimwahidi kwamba katika pendekezo refu nitaorodhesha visima vyote 12 pamoja na umbali wa choo kilicho karibu, kwani hilo linahitaji utepe wa kupimia tu, ili atakayekuja na maabara asianze upya.

Mistari minne mitupu

Ukurasa wa mwaka huu una mistari 45. Nimeacha minne ya chini mitupu kwa makusudi. Kabla ya kuutuma niliugeuza kuwa karatasi ya Letter, nikaona bado unatosha, nikaurudisha A4. Niliuhifadhi kama PDF, nikaufungua kwenye kompyuta ya saiba ambayo haina aina ya herufi niliyoitumia, nikahakikisha kila mstari unaishia palepale ulipoishia kwangu. Sentensi ya mwisho sasa ni ratiba ya miezi, jambo ambalo likikatwa utafiti bado unaeleweka.

Nilituma Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Jioni nilipita kwa mama mkubwa. Jirani alikuwa akijaza mitungi, pampu inanguruma, na mama mkubwa akanionyesha kwa kidole alama ya chokaa aliyoichora ndani ya ukuta wa kisima chake, pale maji yalipofika siku ile ya bamvua. Chini yake kulikuwa na alama nyingine mbili, mpya zaidi, ambazo sikuwa nimemwomba azichore.